Lebo Namba Tano na Namba Sita

Kama kuna mtu Mabatini anayeweza kusema hajawahi kumsikia Dorcas akijisifia mwanawe, basi mtu huyo ni kiziwi au amehamia jana. Mteja alikuwa akija kupimwa gauni, kabla futi haijazunguka kiuno ameshaambiwa kwamba Nathaniel ni fundi wa mitambo mgodini Geita, kwamba kapimwa macho kaambiwa ni mazima kabisa, kwamba ugali anapenda mgumu. Mtaa mzima ulimwita Dorcas Mama Natha. Jina lake lenyewe lilibaki kwenye kitambulisho na kwenye kwaya.

Sasa ukweli ni kwamba Nathaniel hakutoka tumboni mwake. Alizaliwa na mdogo wake, Perez, huko kwao Shirati, Perez akiwa na miaka kumi na saba na sare ya shule bado inamtosha. Mtoto alipofikisha miezi minane Perez alimkabidhi kwa dada yake, akaenda Arusha kufanya kazi jikoni hotelini. Alisema ni kwa mwaka mmoja. Mwaka ukawa ishirini na mbili. Kila Krismasi alituma nguo, na kila Krismasi nguo zilikuwa ndogo, kwa sababu alinunua akimkumbuka mtoto aliyemwona mara ya mwisho. Dorcas alizirefusha kwenye cherehani yake bila kusema neno. Bila kusema neno kwa Perez, maana kwa majirani alisema, tena sana.

Kuzaa si kazi, kazi kulea. Huo msemo Dorcas aliupenda kupita kiasi. Aliuimba surua ilipokuja, akauimba Natha alipovunjika mkono, akauimba siku ya matokeo ya kidato cha nne. Na mtoto mwenyewe hakumwangusha: alimwita Dorcas Mama, na Perez alimwita anti Perez, kama anavyoitwa mgeni yeyote wa kike aliyevaa viatu vizuri.

Basi mwaka jana Perez akarudi. Hakurudi na sanduku tu, alirudi na nyumba. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akijenga taratibu kule Pasiansi, upande wa ziwani, vyumba vitatu na varanda. Na kimoja kati ya hivyo vyumba vitatu, alisema, ni cha mwanangu.

Dorcas alisikia hilo neno "mwanangu" akaweka kikombe cha chai chini. Alitegemea Natha atakataa. Natha hakukataa. Alikuja likizo yake ya wiki moja, akazunguka kile chumba chake cha Mabatini ambacho nusu yake ilikuwa magunia ya vitambaa, akasema taratibu kwamba afadhali Mama apate nafasi ya cherehani ya pili, yeye vitu vyake vihamie Pasiansi. Vitu vyenyewe ni vitatu: televisheni kubwa ya ukutani, mashine ya gemu, na ruta ya intaneti. Alivinunua mwenyewe, akavitunza kuliko viatu vyake, na kila mtu alijua kwamba vinapokaa vitu vile ndipo Natha anapokaa.

Alipoona uso wa Dorcas umebadilika, akaongeza jambo. Akasema, "Ijumaa ya likizo ijayo nikishuka kutoka Geita nitaanzia kwako, Mama. Nitakula hapa kwanza, ndipo niende huko."

Dorcas akalishika hilo neno kwa mikono miwili. Nitaanzia kwako. Alilala nalo, akaamka nalo.

Mafundi wa kampuni ya intaneti walikwenda Pasiansi wakavuta waya wa faiba, wakagongomea kiboksi cheupe ukutani. Kilichobaki kilikuwa kuhamisha vitu na kuviunganisha. Natha alikuwa anarudi kazini Jumapili na gari la kuhamisha lilipatikana Jumatano. Angeweza kuchomoa kila kitu mapema akafunga mwenyewe, ila hakutaka Mama akae siku tatu bila televisheni. Kwa hiyo Jumapili asubuhi, Dorcas akiwa anageuza chapati, alimweleza kwa mdomo, dakika mbili hazikufika: lebo hizi hapa nimeziandika kwenye selotepu ya karatasi, kila waya una lebo mbili zenye namba ile ile, lebo moja kila kichwa. Bandika kwanza ndipo uchomoe. Fuata waya kwa vidole mpaka mwisho, usikisie. Namba tano ni ule unaotoka kwenye kiboksi cha ukutani hapa kuja kwenye ruta, namba sita ni ule unaotoka kwenye ruta kwenda kwenye gemu. Dorcas akasema sawa, akageuza chapati. Natha akaacha na karatasi mezani, akasema hiyo ampe anti, akapanda basi.

Anti, alisema. Dorcas alilisikia vizuri. Lakini alipoifungua ile karatasi, na kwa nini asiifungue, haikuwa imefungwa kwa lakiri, neno la kwanza kabisa juu, kwa mwandiko mzuri wa Natha, lilikuwa *Mama*.

*Mama,*

*Tafadhali usiwashe swichi yoyote mpaka waya zote ziwe zimeingia.*

*Namba 1 ni umeme wa TV. Namba 2 ni umeme wa gemu. Namba 3 ni adapta ya ruta, tafadhali usiibadilishe na adapta nyingine hata kama kichwa kinaingia, inaweza kuunguza.*

*Namba 4 ni HDMI, huu ni waya wa picha. Kichwa kimoja nyuma ya gemu, kingine nyuma ya TV kwenye tundu lililoandikwa HDMI 2. Usilazimishe, kina upande mpana na upande mwembamba.*

*Namba 5: kichwa kimoja kwenye kiboksi cheupe, tundu la LAN 1. Kingine kwenye ruta, lile tundu la bluu lililokaa peke yake, limeandikwa WAN. Sukuma mpaka usikie "ta".*

*Namba 6: ruta, tundu lolote la njano, kwenda nyuma ya gemu.*

*Ukimaliza washa kiboksi kwanza. Subiri dakika tatu. Washa ruta, subiri taa ya intaneti iwe kijani. Ikiwa nyekundu angalia namba 5. Halafu TV, bonyeza Source kwenye rimoti uchague HDMI 2. Gemu mwisho.*

*Weka alama ya vema kila ukimaliza namba. Usiogope, haiwezi kukushinda. Asante sana, Mama.*

Dorcas alisoma mara tatu. Hakuona waya wala tundu. Aliona Mama ya juu na Mama ya chini, na katikati tafadhali mbili. Yeye katika miaka ishirini na mbili hakukumbuka kuambiwa tafadhali na yule mtoto hata mara moja. Kwake ilikuwa Mama soksi ziko wapi, Mama nina njaa. Na leo mwanamke aliyetuma suruali fupi anaandikiwa ukurasa mzima kama barua ya posa! Wivu ulimpanda, na tusimpambie, ulikuwa wivu mbaya, ule wa kutaka mwenzako akwame huku watu wanamwangalia.

Jumatano asubuhi, kabla kirikuu ya kubeba mizigo haijafika, alibandika lebo. Moja, mbili, tatu, nne, alibandika kama alivyoambiwa, akifuata waya kwa vidole. Alipofika tano na sita akasimama. Waya zile mbili zilikuwa za kijivu zote, urefu mmoja, vichwa vyake vile vile vya plastiki. Akabandika tano kwenye wa sita, vichwa vyote viwili, na sita kwenye wa tano. Alijua hakuunguza kitu, adapta hakuigusa, vitu vya mtoto havina kosa. Alitaka tu taa iwe nyekundu. Alitaka Perez ageuze ile karatasi juu chini, aangalie namba tano mpaka macho yamtoke, na Ijumaa ile Natha ajue kwamba kuna mambo hayafanyiki kwa kujenga varanda.

Akachomoa, akakunja, akafunga kwenye mfuko. Dereva wa kirikuu alipakia, Dorcas akamkabidhi karatasi pamoja na mfuko, akasema salamu kwa mwenye nyumba.

Siku ile hakushona kitu cha maana. Aliunganisha mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, akafumua, akaunganisha tena vibaya. Saa sita simu haikulia. Saa saba haikulia. Kwanza alifurahi, akamwona Perez amepiga magoti nyuma ya televisheni akitoka jasho. Halafu akaanza kuogopa. Natha angepigiwa kule Geita, na Natha si mjinga. Angeuliza lebo alibandika nani. Mwandiko ni wake mwenyewe, mkono uliobandika ni wa nani? Hapo Ijumaa ya nitaanzia kwako ingekuwaje? Mwanaume mzima akijua mama yake kamfanyia hila kwenye vitu vyake, anaanziaje kwake?

Saa tisa simu ikalia. Alikuwa Perez.

Perez alimwamkia dada yake kwa heshima yote, shikamoo, habari za kazi, kisha akasema amefuata karatasi neno kwa neno, picha ipo, gemu imewaka, lakini taa ya intaneti ni nyekundu. Je, dada anaweza kufika? Hakutaka kumsumbua Nathaniel kazini.

Dorcas alivaa viatu huku bado anaongea. Alichukua bajaji, na njia nzima alikuwa na mambo mawili kifuani, ushindi na hofu, na hakujua ni lipi linalomtoa jasho. Hajampigia Natha bado, alijiambia. Nitarekebisha kabla hajajua mtu.

Pasiansi aliijua kidogo. Siku Perez alipokaribisha watu kubariki nyumba, Dorcas alisema anaumwa mgongo. Kwa hiyo ilimbidi aulize. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa mbele ya geti lake alimtazama akasema, "Unamtafuta Mama Natha? Ni pale, geti la kijani."

Jamani. Dorcas alisimama pale juani kwenye harufu ya dagaa, akahisi kama mtu amemvua kilemba mbele za watu. Mama Natha ni mimi, alitaka kusema. Lakini utasemaje hivyo kwa mtu anayeanika dagaa? Akasema asante.

Ndani palikuwa pasafi, sakafu inateleza, dirisha linaangalia ziwa na mawe yake. Televisheni ilikuwa imesimama juu ya meza mpya, picha ya gemu inang'aa, na chini yake ruta imewasha taa zake, moja nyekundu. Karatasi ya Natha ilikuwa pale pembeni, ina alama za vema mbele ya kila namba, zimechorwa kwa kalamu na rula, kama kazi ya mtoto anayeogopa mwalimu.

Dorcas alimwomba mdogo wake chai. Perez alipoingia jikoni tu, dada mtu akapiga magoti. Akazima, akachomoa namba tano pande zote mbili, akachomoa namba sita pande zote mbili. Kichwa kimoja cha namba tano kilitoka hata bila kubonyezwa, lakini kwa haraka aliyokuwa nayo hakujiuliza. Akachukua ule wenye lebo ya sita akauweka kati ya kiboksi na ruta, ta, ta. Wenye lebo ya tano akaupeleka kwenye gemu, ta, ta. Akawasha kiboksi. Akasubiri dakika tatu akisikiliza vikombe jikoni. Akawasha ruta. Taa ikawa nyekundu, ikapepesa, halafu ikawa kijani.

Akakaa chini sakafuni pale pale. Basi ni kweli, alijiambia. Ni mimi. Kwa mkono wangu huu.

Perez alitoka na sinia, akaona taa, akapiga makofi. Akasema dada yangu wewe ni fundi, mimi ningekesha hapa, Mungu akubariki. Akamimina chai, akatia sukari tatu bila kuuliza, akikumbuka dada yake anavyokunywa tangu Shirati. Na hapo ndipo Dorcas aliposhindwa. Kutukanwa angeweza. Kushukuriwa hakuweza.

"Perez," alisema, "hujakosea kitu. Nilibadilisha lebo mimi. Tano niliipa sita na sita nikaipa tano. Nilitaka ikushinde."

Perez aliweka chupa ya chai chini. Akafanya jambo ambalo Dorcas hakulitegemea. Akacheka. Si cheko la furaha.

Akainuka, akachomoa waya zile mbili za kijivu, akaziweka mapajani mwa Dorcas, akamwambia azitazame. Zina tofauti gani? Dorcas akazigeuza. Hazikuwa na tofauti. Waya wa aina ile hauna kazi yake maalumu, Perez alisema, mafundi wa faiba walimweleza siku ile. Huu ukikaa hapa utapitisha, ukikaa pale utapitisha. Ungebadilisha hata mara kumi, mradi kila waya una namba ile ile pande zote. Intaneti iliwaka saa tano asubuhi, mara ya kwanza tu.

Dorcas hakuelewa. Akauliza, na ile nyekundu?

"Nilichomoa mwenyewe kichwa kimoja kidogo kwenye ruta," Perez alisema. "Nilikualika mara tatu ukaumwa mgongo. Nikajua kwa ajili ya vitu vyake utakuja."

Dada mtu mwenye miaka hamsini na mdogo mtu mwenye arobaini, wezi wawili waliokutana dirisha moja. Dorcas angecheka, lakini wivu wake ulikuwa haujaisha, akasema kwa uchungu kwamba Perez hana haja ya kumwita mtu, ameshaandikiwa Mama juu na Mama chini. Tafadhali mbili.

Perez akaichukua ile karatasi, akaikunjua juu ya goti.

"Wewe ulishawahi kuandikiwa?" aliuliza.

Dorcas akasema hapana, na alisema kwa hasira, maana ndicho hasa kilichomuuma.

"Uliambiwaje hizi waya?"

Kwa mdomo, Dorcas alisema. Nikigeuza chapati.

"Basi," Perez alisema. "Wewe alikuambia ukigeuza chapati. Mimi kaniandikia kama mteja. Usiogope, asante sana. Mtu anamwambia mama yake asante sana, dada? Mbele ya watu ananiita anti. Hiyo Mama kaiweka kwenye karatasi kwa sababu ni adabu, kwa sababu umemlea vizuri. Nimesoma hapa tangu asubuhi nikitafuta mahali pamoja tu ambapo ameandika kama ananijua, na sijapaona."

Alisema hayo bila kulia. Akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ile ile, akaiweka ndani ya Biblia kabatini. Akasema ndio mwandiko wa kwanza wa mwanawe kuwa nao. Dorcas alikuwa na madaftari yote ya Natha, kuanzia la kwanza, boksi zima chini ya kitanda.

Na nitakuambia ukweli kwa kuwa Dorcas mwenyewe aliusema baadaye. Kitu cha kwanza alichokihisi kilikuwa furaha. Furaha kubwa, ya moto, kama ya mtu aliyeshinda kesi. Ni wangu, moyo ulisema, hata hapa kwenye nyumba yake ni wangu. Cha pili kilikuja polepole alipomwona mdogo wake akifunga mlango wa kabati kwa uangalifu, akirudi kuziunganisha waya, tano kwenye WAN, sita kwenye njano, akiusikiliza kila mlio wa "ta" kana kwamba kuna mtu atamsahihisha. Hapo Dorcas aliona aibu, na hakuwa na mahali pa kuificha.

Walikunywa chai. Waliongea habari za Shirati, za mama yao marehemu, za bei ya vitambaa. Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha, kwao hawakulelewa hivyo. Perez alimsindikiza mpaka getini, akamfungia sangara wawili kwenye mfuko. Yule mama wa dagaa alikuwa bado yuko pale. Akauliza, huyu ni nani, Mama Natha? Perez akafungua mdomo kujibu, na Dorcas akamwahi.

"Mimi ni dada yake," alisema.

Barabarani, kabla hajasimamisha bajaji, alimpigia Nathaniel. Natha alipokea kelele za karakana zikiwa nyuma yake, akauliza kama waya zimekubali. Dorcas akasema zote zimekubali, taa ni kijani, mama yako ameunganisha mwenyewe, mara ya kwanza tu. Natha akauliza nani, maana hakuwahi kumsikia akimtaja Perez kwa jina hilo.

"Na sikiliza," Dorcas alisema. "Ijumaa ukishuka usianzie kwangu. Anzia Pasiansi. Kula huko. Na ukifika ulizia soksi zako ziko wapi, hata kama unaziona."

"Kwa nini, Mama?"

"Uliza tu."

Natha akauliza, na Mama je, atamwona lini? Dorcas akasema Jumamosi, si mbali. Akasema ana gauni la harusi la kumaliza, jambo ambalo halikuwa kweli, akakata simu upesi, akamwambia dereva wa bajaji Mabatini. Njia nzima alilia waziwazi, sangara mapajani, na dereva alikuwa na adabu, hakugeuka nyuma.